Nafanya au nitafanya? Partisipu ya Kiebrania katika kinywa cha nabii

*"Mwalimu, shikamoo. Sisi ni kikundi cha vijana hapa Kisauni, tunatayarisha tafsiri ya 1 Samweli sura ya 3 ya kusomwa kwa sauti kanisani. Mstari wa 11 umetugawa. Mwenzetu aliyesoma Kiebrania chuoni asema neno pale ni partisipu, kwa hiyo lazima liwe 'nikifanya' au 'nafanya'. Wengine wasema huu ni unabii, na unabii ni mambo yajayo, basi ni -ta- kama tulivyozoea. Mimi naona 'niko karibu kufanya' ingetupatanisha. Tufuate lipi?"*

Marahaba. Mwenzenu amelitambua neno sawasawa, ila nusu ya ushauri wake itawapoteza. Wanaotaka -ta- hawajakosea, wanapoteza kitu tu. Suluhu yako wewe ndiyo ninayoiogopa zaidi, kwa sababu inasikika vizuri na watu wataikubali upesi.

Tuanze na Kiebrania. Maneno ya mstari huo ni *hine anokhi ose davar beYisrael*, na kitenzi ni *ose*, cha kufanya. Kiebrania cha Biblia kina umbo la katal, ambalo mara nyingi hueleza jambo lililotimia, na umbo la yiktol, ambalo mara nyingi hubeba yajayo, ya desturi au yanayowezekana. Partisipu, ile ya umbo la kotel, haikai katika safu moja na hayo mawili. Kwa asili yake ni kama sifa: ina jinsia na ina idadi, lakini haina nafsi wala haina wakati. *Ose* peke yake yakwambia kwamba kuna mmoja, wa kiume, naye yumo katika kutenda. Ni nani? Ndiyo maana pameongezwa *anokhi*, "mimi". Ni lini? Hapo neno lenyewe limenyamaza, na jibu linatafutwa pembeni: katika *hine*, "tazama", iliyotangulia, katika neno la wakati kama lipo, na katika hali ya mazungumzo.

Kwa hiyo partisipu haisemi "sasa hivi", na pia haisemi "baadaye". Inamwonyesha mtenda akiwa ndani ya tendo. Ukiitia katika kinywa cha mwenye uwezo, akinena jambo ambalo macho bado hayajaliona, maana yake huwa kwamba jambo limeshaanzishwa na liko njiani. Nasi hapa Mombasa tuna mfano wake kila siku. Mwenye duka akikwambia "nakuja" huku amekupa mgongo anatoka mlangoni, humwiti mwongo. Miguu yake inakwenda, lakini kurudi kwake kumeshapangwa, na -na- yake imebeba mpango huo. Hatazami saa anaposema hivyo. Anakuhakikishia tu kwamba hukuachwa.

Hiyo ndiyo sababu -na- inaweza kuibeba partisipu ya nabii, na ndiyo sababu hoja ya kwamba "unabii ni mambo yajayo, basi -ta-" haitoshi. Kiswahili chetu kinasema mambo yajayo kwa -na- kila siku: kesho nasafiri, Jumamosi tunaoza binti, mwezi ujao anahamia Likoni. Hata Tafsiri ya Muungano ya 1952, ambayo kwa kawaida huzigeuza partisipu hizi kuwa -ta-, katika Yeremia inasema "siku zinakuja", na sijasikia msomaji akilalamika kwamba siku hizo zilipaswa kuwa zimeshafika.

Sasa -ki-. Najua ilikotoka. Vitabu vya sarufi huieleza -ki- kama hali ya tendo linaloendelea, na katika "nilimwona akilia" kweli inafanya kazi hiyo. Partisipu ya Kiebrania nayo huelezwa kwa maneno hayohayo, basi mwanafunzi huona vyombo viwili vyenye jina moja akadhani ni chombo kimoja. Lakini -ki- haisimami peke yake kama kitenzi kikuu. Lazima iegemee kitenzi kingine, na isipokipata, sikio la Mswahili linaigeuza kuwa sharti. Soma kwa sauti: "Tazama, nikifanya jambo katika Israeli..." Kila aliyeko kanisani anangoja kusikia itakuwaje *endapo* utalifanya. Hukumu imegeuka kuwa "kama". Sidhani kuna kosa la kialama linaloweza kuharibu mstari huu kuliko hilo.

"Niko karibu kufanya" ina kasoro ya aina nyingine. Inaweka saa pale ambapo Kiebrania hakikuweka saa. Tena neno "karibu" lina miiba yake: likifuatwa na kitenzi cha kutegemea, kama katika "karibu afe", sisi husikia kwamba hakufa. Msomaji akiteleza kidogo tu, Mungu atasikika kama aliyenusurika kutenda. Wengine wamejaribu "nataka kufanya", kwa sababu tunasema "mvua yataka kunyesha". Kwa mvua haina neno, maana mvua haina moyo wa kutaka. Kwa Mungu tutasikia matakwa, na mstari utaonekana kumweleza Samweli anachokitamani Bwana badala ya anachokitenda.

Zimebaki -na- na -ta-. Ili mwone tofauti yake, rudini sura moja nyuma kabla ya kuamua mstari wa 11. Katika 2:31 mtu wa Mungu anamwendea Eli na kumwambia *hine yamim baim wegadati*: tazama, siku zinakuja, nami nitaukata mkono wako. *Baim* ni partisipu, lakini mwenye kuitenda ni siku. Siku ndizo zinazotembea, na kukata kunatajwa kwa umbo jingine linalofuata, la wekatal, yaani katal yenye we- mbele, ambalo ni sahihi kulipa -ta-. Halafu inakuja sura ya 3, usiku, kijana amelala, na safari hii partisipu imebadilisha mwenye kuitenda. Si siku tena. Ni *anokhi*, mimi. Kilichokuwa kinakuja sasa kinatendwa. Katika mstari wa 12 lugha inashuka tena kwenye yiktol, *akim*, "siku hiyo nitatimiza", kwa sababu hapo anaeleza yatakayofuata siku hiyo itakapofika. Mstari wa 13 partisipu inarudi: *shofet ani*, "nahukumu". Mstari wa 14 ni katal, *nishbati*, "nimeapa".

Mnaona kwamba msemaji huyu ana maumbo yote mkononi na anachagua. Angetaka "nitafanya" tupu katika mstari wa 11, alikuwa na yiktol ya kuitumia, kama alivyoitumia mstari mmoja baadaye. Mkiweka -ta- katika 11, 12 na 13, masikio yatasikia ahadi tatu zilizopangwa foleni. Hakuna aliyedanganywa, lakini hatua ya kutoka 2:31 hadi 3:11 imefutika. Kwa hiyo mimi ningeandika hivi:

"Tazama, nafanya jambo katika Israeli, ambalo kila atakayelisikia, masikio yake yote mawili yatavuma. Siku hiyo nitamtimizia Eli yote niliyoyanena juu ya nyumba yake, tangu mwanzo hata mwisho. Nimemwambia ya kuwa naihukumu nyumba yake milele..."

Angalieni kinachoilinda "nafanya" isieleweke vibaya. Mwenzenu mmoja anaweza kuuliza: je, msikilizaji hatadhani jambo linatendeka palepale hekaluni, Samweli ageuke atazame? Lingekuwa tatizo kama sentensi ingeishia hapo. Lakini "atakayelisikia" na "yatavuma" zimeifuata mara moja, nazo zinauweka wakati mahali pake. -Na- inafungua mlango, -ta- inaingiza yatakayotokea. Mpangilio huu ni wa kawaida katika manabii: partisipu mbele, wekatal nyuma yake. Yeremia 1:15 ni hivyo pia, *hineni kore*, naziita jamaa zote za falme za kaskazini, kisha *uvau*, nao watakuja. Msiendeleze -na- katika mnyororo mzima. Mkifanya hivyo itasikika kama mtangazaji wa mpira.

Nimechagua "nafanya" badala ya "ninafanya" kwa makusudi. "Ninafanya" kwa masikio mengi ya pwani ni nzito zaidi, inaelekea kumaanisha kwamba mikono iko kazini saa hii. "Nafanya" ni pana, inameza mpango na tendo pamoja. Kwa nafsi ya tatu Mombasa mngekuwa na "yuwafanya", na kama tafsiri yenu ingekuwa ya Kimvita ningeipokea kwa mikono miwili. Lakini kanisani kwenu wamo waliotoka Taita, Kitui na Kisumu, basi bakini na "anafanya". Kuhusu 3:13 niseme pia kwamba *wehigadti lo* mwanzoni mwake inabishaniwa, wengine wanaisoma "nitamwambia" au "namwambia". Mimi nimeshika "nimemwambia" kwa sababu neno la sura ya 2 lilikwisha kumfikia Eli. Mkichagua nyingine, *shofet* bado ni "naihukumu".

Sasa swali la saa, kwa maana litaulizwa. Ikiwa partisipu ni ya jambo lililoko njiani, je, ni njia ya urefu gani? Haina urefu maalumu. Nabii Hanania anaambiwa katika Yeremia 28:16, *hashana ata met*, mwaka huu unakufa. Sura inaanza mwezi wa 5, naye anakufa mwezi wa 7. Kwa Eli, kati ya sura ya 3 na ya 4 Samweli anakua na kujulikana kuwa nabii, ndipo wanawe wawili wanakufa siku moja, sanduku linatekwa, na mzee wa miaka 98 anaanguka kutoka kitini. Na nyumba yake haikukoma hapo: kufukuzwa kwa Abiathari katika 1 Wafalme 2:27 kunaunganishwa na neno hilohilo lililonenwa Shilo, na hayo ni ya wakati wa Sulemani. Partisipu moja, miezi miwili kwa huyu, vizazi kwa yule.

Tena haihakikishi hata kwamba tendo litafika mwisho. Isaya 38:1 anamwambia Hezekia *met ata*, unakufa, *welo tihye*, wala hutaishi. Mfalme akaomba, akaongezewa miaka 15. Mkiandika "unakufa", kisa kinabaki na maana: alikuwa katika njia ya kifo, akageuzwa. Mkiandika "utakufa", msikilizaji makini atauliza kwa nini neno la nabii halikutimia. Hapa -na- inamsaidia mhubiri kuliko sarufi yoyote nitakayomfundisha. Na kwa Hanania pia "mwaka huu unakufa" imekaa vizuri sana kwa Kiswahili, kwa sababu ndivyo tunavyotishana: "leo unakufa!" Asemaye hivyo anadai uwezo.

Neno hilo, uwezo, ndilo linalonionyesha mahali ambapo -na- inakataa. "Kesho nasafiri" ni sawa kwa kuwa safari imo mkononi mwangu. "Kesho mvua inanyesha" haikai, labda kwa mtu anayesoma ratiba ya mvua. Kiswahili hukubali -na- ya mambo yajayo pale panapokuwa na mpangaji anayeonekana. Katika Kutoka 9:18 yupo: *hineni mamtir*, "kesho wakati kama huu nateremsha mvua ya mawe". Haina shida, hata pamoja na "kesho". Lakini Yona 3:4 yasema *od arbaim yom weNineve nehpakhet*. Nayo ni partisipu, ila ya kutendwa, mtenda hatajwi, na siku 40 zimewekwa mbele yake. "Bado siku arobaini, Ninawi unapinduliwa" inapwaya. Inasikika kama kichwa cha habari cha gazeti. Hapo mimi naweka -ta- bila kujilaumu: "Bado siku arobaini, na Ninawi utapinduliwa." Uharaka unabebwa na "bado siku arobaini". Si lazima kila alama ya wakati ibebe mzigo wote.

Kwa upande wa kukanusha mna bahati. Partisipu hukanushwa kwa *ein*, kama katika Yeremia 7:16, *eineni shomea otakh*, na Kiswahili kina umbo linaloifaa kabisa: "sikusikilizi". Mtu akikwambia "siji", hakuelezi tu hali yake ya sasa, amefunga mlango. "Sitakusikiliza" ni laini zaidi, inaacha nafasi ya kubembeleza. Yeremia alikuwa anaambiwa asibembeleze.

Kabla ya yote hayo hakikisheni kwamba neno mlilo nalo ni partisipu kweli, kwa maana vitenzi vifupi vina mtego. *Met* ni partisipu na pia ni katal ya nafsi ya tatu, "amekufa", na maandishi hayatofautiani hata irabu. Kinachoamua ni nafsi: katal ya "wewe" ingekuwa *mata*, kwa hiyo *met* ikiandamana na *ata* haiwezi kuwa katal. *Ba*, "kuja", ni vivyo hivyo, na katika jinsia ya kike tofauti imo katika mkazo peke yake. Mwanzo 29:6, Raheli *baa* kwa mkazo wa mwisho: anakuja, bado yuko mbali na mifugo. Mstari wa 9, Raheli *baa* kwa mkazo wa mwanzo: amefika. Rashi, mfafanuzi wa Kiyahudi aliyefariki 1105, alilieleza jambo hili katika mistari hiyohiyo. Katika Ezekieli 7, *kets ba* ni ya kiume na mkazo hauwezi kuwasaidia. "Mwisho umekuja" na "mwisho unakuja" zote zinawezekana, na mtu akiwaambia ana hakika, muulizeni amejuaje.

Vilevile si kila partisipu ya kitabu cha nabii ni ya jambo lililoko njiani. Zile za sifa, kama za Amosi 4:13, ambapo Mungu anatajwa kuwa muumba wa milima, ni majina ya Mungu tu. Wekeni "aumbaye", wala msizitie -na-. *Hu-* nayo iacheni mbali na mistari ya hukumu: "hufanya jambo katika Israeli" ni kusema ndiyo kawaida yake.

Mkishaandika, mpeni mtu ambaye hakuwa katika mabishano yenu asome mistari ya 11 hadi 14 kwa sauti, mara moja, bila maelezo. Kisha waulizeni wasikilizaji wawili watatu wasiojua mnatafuta nini: "Jambo hili limeanza au halijaanza?" Wakisema limeanza lakini halijaonekana, mmefika. Wakisema linatendeka hapo hekaluni, ongezeni "tazama, mimi" mbele, maana kutaja "mimi" huifanya kauli isikike kama azimio. Ni haki pia kwa Kiebrania, kwa kuwa *anokhi* imeandikwa. Wakiuliza "kama akifanya, itakuwaje?", kuna aliyerudisha -ki- kwa siri.

Kwa 1 Samweli 3 mnaweza kuamua wenyewe. Mkifika Isaya 7:14 msiamue wenyewe. Hapo *hara* ni sifa, "mjamzito", na *yoledet* ni partisipu, na kuchagua kati ya "ana mimba, anazaa" na "atachukua mimba, atazaa" kunagusa mafundisho ambayo kanisa lenu limeyasoma kwa namna moja kwa muda mrefu. Nendeni na mchungaji wenu, mketi na mtu anayesoma Kiebrania chenye alama za mkazo, kitabu kikiwa wazi mezani. Na vile vifungu vya Ezekieli 7 vileteni hapo pia, vimeandikwa kwa njia zote mbili, kwa sababu hivyo havimalizwi kwa barua.